Tafsiri ya Cheti cha Kuzaliwa: Uhamiaji wa Marekani Unamtaka Mfasiri Anayewajibika, Hauutaki Muhuri

Wasemaji wa Kiswahili waliotoka mashariki ya Kongo na Burundi na kupokelewa Marekani kama wakimbizi mara nyingi hufika na vyeti vya kuzaliwa vilivyoandikwa kwa Kifaransa. Wanapoanza kuwaombea watoto waliobaki nyuma, au kuomba makazi ya kudumu, huambiwa kwamba cheti kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na neno hilo “iliyothibitishwa” huwapeleka moja kwa moja kwenye kutafuta muhuri. Wapo wanaouza mihuri hiyo kwa bei ya kuumiza, na zipo familia zinazolipa zikiamini kwamba wino mwekundu ndio utakaomridhisha ofisa. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo haina msingi katika kanuni yenyewe, na kwamba ubaya wake mkubwa hauishii kwenye fedha zinazopotea. Familia ikikodolea macho muhuri, huacha kukagua mambo yale machache ambayo kweli humfanya ofisa arudishe ombi.

Kanuni inayohusika ni fupi. Imo katika kanuni za shirikisho za Marekani, kifungu cha 8 CFR 103.2(b)(3), na inaongoza maombi yote yanayopelekwa USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya nchi hiyo. Inasema kwamba hati yoyote yenye lugha ya kigeni lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza. Kwamba mfasiri athibitishe kuwa tafsiri hiyo ni kamili na sahihi. Na kwamba mfasiri huyo huyo athibitishe kuwa ana uwezo wa kufasiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Kanuni inaishia hapo. Haitaji leseni, haitaji kiapo mahakamani, haitaji uanachama wa chama chochote cha wafasiri, wala haitaji muhuri. Anayethibitisha ni mfasiri mwenyewe kwa saini yake.

Yafaa pia kuyatazama maneno “hati yoyote yenye lugha ya kigeni”. Kanuni haikusema hati iliyoandikwa yote kwa lugha ya kigeni. Cheti ambacho vichwa vyake vimechapwa kwa Kiingereza lakini kina muhuri wa Kiswahili, au maelezo ya msajili yaliyoongezwa kwa mkono kwa Kiswahili, kinaingia katika sharti hili kwa sababu ya maneno hayo machache.

Kwa nini serikali inadai tafsiri ya namna hii, na isiridhike na maelezo ya mwombaji mwenyewe? Jibu liko katika mgawanyo wa mzigo. Katika maombi ya uhamiaji, mwenye jukumu la kuthibitisha ni mwombaji. Ofisa anayesoma faili hana wajibu wa kujua Kifaransa wala Kiswahili, na hata akijua, uamuzi wake unapaswa kutegemea kilichomo ndani ya faili, kitu ambacho msimamizi wake au chombo cha rufaa kinaweza kukisoma baadaye na kukipima. Ndiyo maana tafsiri inahitaji mtu nyuma yake, mwenye jina, ambaye akiulizwa “je, ndivyo ilivyoandikwa?” anaweza kujibu, na ambaye akiwa amepotosha kwa makusudi anaweza kushtakiwa, kwa kuwa kuidanganya serikali ya shirikisho kwa maandishi ni kosa la jinai.

Hapo hapo lazima tutenganishe maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Swali la kwanza ni kama cheti ni halali, yaani kimetolewa na ofisi yenye mamlaka na kinasema kweli. Swali la pili ni kama tafsiri inasema kile kile kinachosemwa na cheti. Mfasiri hujibu swali la pili peke yake. Hathibitishi kwamba mtoto alizaliwa siku hiyo, wala kwamba saini ya msajili ni ya kweli. Cheti cha kughushi kinaweza kuwa na tafsiri safi kabisa, na cheti cha kweli kabisa kinaweza kuharibiwa na tafsiri mbovu. Hali hii ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inamwangukia mtu asiye na hatia.

Tuchukue mfano wa mama kutoka Uvira, Kivu Kusini, aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi, na mwanawe wa kiume amebaki kwa bibi yake. Mama anajaza fomu ya I-730, ambayo mkimbizi hutumia kumwombea mwenzi wake au mtoto wake asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 21. Fomu hiyo inapaswa kupelekwa ndani ya miaka 2 tangu mwombaji alipoingia nchini kama mkimbizi, isipokuwa serikali ikubali kuongeza muda kwa sababu za kibinadamu. Ushahidi mkuu anaotakiwa kuuonyesha ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mtoto na jina la mama. Tuseme mtoto alizaliwa tarehe 4 Julai 2012 wakati wa vurugu, hakuandikishwa, na mwaka 2019 familia ikaenda mahakamani ikapata hukumu ya kuziba pengo la usajili, kisha ofisi ya usajili wa raia ikaandika cheti kwa msingi wa hukumu hiyo. Ni njia halali na ya kawaida nchini Kongo kwa mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya muda wa sheria, muda ambao tangu marekebisho ya mwaka 2016 ni siku 90.

Mfasiri anapoikalia karatasi hii, jambo la kwanza ni kichwa chake. Kikiwa kimeandikwa *acte de naissance*, hicho ni cheti kilichotoka katika daftari la usajili. Kikiwa kimeandikwa *attestation de naissance*, hayo ni maelezo ya kushuhudia uzazi, na uzito wake si ule wa cheti cha daftari. Mfasiri mwenye huruma isiyo na busara huandika “cheti cha kuzaliwa” kwa karatasi zote mbili, akidhani anamsaidia mteja. Ofisa, ambaye ana orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayoeleza hati za kila nchi na ofisi zinazozitoa, anaweza kuona kwamba kichwa cha Kifaransa na kichwa cha Kiingereza havilingani. Kuanzia hapo hana tena sababu ya kuyaamini maneno mengine ya mfasiri huyo.

Jambo la pili ni majina, na hapa ndipo mahali penye matatizo mengi kuliko pote. Mkongo kwa kawaida huandikwa kwa majina ya namna tatu: jina, kisha jina linalolifuata, linaloitwa *postnom*, kisha jina la ubatizo au jina la kuitwa, linaloandikwa *prénom*. Mtoto halazimiki kubeba jina la ukoo la baba, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata moja. Fomu za Marekani zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mfasiri anayetaka kurahisisha mambo huyahamisha majina ili yaingie katika nafasi hizo, au huongeza jina la mama kwa mtoto ili waonekane ni wa familia moja. Hilo ni kosa kubwa. Kazi ya mfasiri ni kuacha kila jina mahali lilipo, chini ya kichwa kile kile, na kwa herufi zile zile. Ikiwa cheti kinasema “Byamungu” na karatasi ya ukimbizi inasema “Biamungu”, tafsiri inaandika “Byamungu”. Tofauti hiyo mama ataieleza katika maelezo yake mwenyewe, aliyoyatia saini mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba karani wa kambi aliandika jina kwa kulisikia tu.

Tarehe nazo zina mtego wake. Vyeti vya Kongo kwa kawaida huandika mwaka, siku na mwezi kwa maneno, lakini mihuri na maelezo ya pembeni hutumia tarakimu, siku ikitangulia. Mmarekani husoma mwezi kwanza. Muhuri wenye 04/07/2012 ukinakiliwa hivyo hivyo katika tafsiri, ofisa ataona tarehe 7 Aprili, huku mwili wa cheti ukisema tarehe 4 Julai, na mtoto mmoja atakuwa na siku mbili za kuzaliwa katika karatasi moja. Mfasiri anayejua kazi yake huandika jina la mwezi kwa herufi kila mahali.

Kisha ipo tarehe ya usajili, ambayo baadhi ya familia huomba ifichwe au iachwe. Mtoto wetu alizaliwa 2012 akaandikishwa 2019, na mama anaogopa kwamba ucheleweshaji huo utatiliwa shaka. Hofu yake ina msingi, kwa kuwa cheti kilichoandikwa miaka mingi baada ya uzazi hakina nguvu sawa na kile kilichoandikwa mara moja. Hata hivyo, mwaka 2017 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani iliamua kwamba cheti kilichochelewa hakitupwi kwa sababu hiyo tu. Ofisa anapaswa kukipima pamoja na ushahidi mwingine wote na mazingira yaliyosababisha kuchelewa. Kwa hiyo tafsiri inapaswa kuitaja tarehe ya usajili, namba ya hukumu na jina la mahakama kama vilivyo, na hukumu yenyewe ifasiriwe na kuambatishwa. Kuificha tarehe ambayo ofisa anaiona kwa macho yake katika tarakimu ni kujitafutia tuhuma ambayo haikuwapo.

Neno “kamili” katika kanuni linamaanisha pia maandishi ya pembeni, mgongo wa karatasi, na maneno yaliyo ndani ya mihuri. Pasiposomeka, mfasiri anaandika katika mabano kwamba hapasomeki, na penye saini anaandika kwamba pana saini. Muhtasari wa nusu ukurasa wenye jina, tarehe na wazazi tu haukidhi kanuni, hata ukiwa sahihi kwa kila neno. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuukagua ukamilifu huu mwenyewe: aweke karatasi mbili mbele yake, ahesabu mihuri, namba na tarehe za upande mmoja, na azitafute upande wa pili. Kilichokosekana kitaonekana.

Chini ya tafsiri, au katika ukurasa wake wenyewe, linakuja tamko la mfasiri. Linaitaja hati iliyofasiriwa, linasema kwamba mfasiri anaimudu lugha ya hati na Kiingereza, kwamba ana uwezo wa kufasiri, na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Kisha jina lake kamili, saini, tarehe na anwani. Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni tamko linalosema tafsiri ni sahihi bila kusema chochote juu ya uwezo wa mfasiri, wakati kanuni inadai yote mawili. La pili ni tamko lililotiwa saini na meneja wa ofisi, huku aliyefasiri hatajwi popote. Kanuni inamtaja mfasiri, na mimi naona ni haki iwe hivyo, kwa sababu meneja asiyejua Kifaransa hawezi kushuhudia usahihi wa kitu asichoweza kukisoma.

Sasa, ni nani anayeruhusiwa? Kwa USCIS, mtu yeyote mwenye uwezo wa lugha zote mbili aliye tayari kuliweka jina lake. Jirani aliyesoma Lubumbashi anaweza. Mchungaji anaweza. Kanuni haimkatazi hata ndugu, na haimtaji mwombaji mwenyewe kwa kumkataza. Lakini kutokatazwa hakulifanyi jambo kuwa la busara. Mama anayefasiri cheti cha mtoto anayemwombea ana maslahi ya wazi katika matokeo, na ofisa akiona jina lile lile katika fomu na katika tamko la mfasiri ana kila sababu ya kusoma kwa jicho kali. Ushauri wangu ni kwamba mtu wa familia na mwenye fomu wakae pembeni, na atafutwe mtu mwingine anayeisoma vizuri lugha ya hati na kuandika Kiingereza safi. Natetea kwa moyo wote uwazi wa kanuni hii, kwa sababu maelezo ya Kibembe, Kifuliiru au Kirundi yasingepata wafasiri wenye leseni katika miji mingi, na kudai leseni kungewafungia nje watu wasio na kosa. Uwazi huo, hata hivyo, unamtwika mfasiri wa mtaani mzigo halisi, na asiyeweza kuubeba aseme hapana.

Muhuri unaouzwa zaidi ni ule wa nota, yaani mthibitishaji wa saini. Nadhani kosa hili linatoka nyumbani. Nchini Kongo, *notaire* ni ofisa wa sheria mwenye mamlaka ya kuzipa hati nguvu, na mtu aliyekulia huko huona ni jambo la kawaida kwamba karatasi nzito ipite mkononi mwake. Katika majimbo mengi ya Marekani, nota ni raia wa kawaida aliyepewa kibali cha kushuhudia kwamba aliyetia saini ndiye kweli aliyejitambulisha. Hasomi tafsiri na hapimi usahihi wake. USCIS haiudai muhuri wake kwa tafsiri, na tafsiri yenye kasoro hairekebiki kwa kupitishwa kwake. Hivyo hivyo kwa muhuri wa baraza au ofisi ya nyumbani: Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, BAKITA, hutoa huduma ya tafsiri inayoheshimika, na tafsiri yake yaweza kutumika Marekani, ilimradi iambatane na tamko la mfasiri lenye maneno yale yanayodaiwa.

Sharti hili pia halitembei na cheti kila kiendako, na hapa wengi hupotea. Ombi la I-130, linalopelekwa USCIS na raia au mkazi wa kudumu kwa ajili ya jamaa yake wa karibu, linafuata kanuni niliyoieleza, kwa hiyo cheti cha Kifaransa lazima kifasiriwe. Baada ya ombi kukubaliwa, faili huhamia kwa Wizara ya Mambo ya Nje kwa ajili ya viza, na huko kanuni ni nyingine: hati ikiwa kwa Kiingereza au kwa lugha rasmi ya nchi anakohojiwa mwombaji, haihitaji tafsiri. Anayehojiwa Kinshasa anaweza kuwasilisha cheti chake cha Kifaransa kama kilivyo. Mkongo yule yule akihojiwa Nairobi atahitaji tafsiri, kwa kuwa lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Na mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji anafuata kanuni ya mahakama, 8 CFR 1003.33, inayodai tamko la mfasiri lichapwe au liandikwe kwa mwandiko unaosomeka vizuri.

Nje ya Marekani tofauti ni kubwa zaidi. Kanada inapokea hati za Kiingereza na za Kifaransa, hivyo cheti cha mama wa Uvira hakihitaji tafsiri yoyote huko. Lakini cheti cha Kiswahili kitahitaji, na hapo Kanada ni kali kuliko Marekani: tafsiri ifanywe na mfasiri aliyethibitishwa na chama cha wafasiri kinachotambuliwa, au kama si hivyo iambatane na hati ya kiapo aliyoapa mfasiri, na mwombaji, jamaa zake na mwakilishi wake wanakatazwa waziwazi kufasiri, hata kama ni wafasiri kwa taaluma. Uingereza inataka tafsiri ambayo Wizara yake ya Mambo ya Ndani inaweza kuifuatilia yenyewe, ikiwa na uthibitisho wa usahihi, tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano ya mfasiri. Ujerumani, ambako Watanzania na Wakenya hukutana na sharti hili wanapooa au kuandikisha watoto, ofisi kwa kawaida hudai mfasiri aliyeapishwa au kuidhinishwa na mahakama za huko, na majina yao yamo katika daftari la umma la `justiz-dolmetscher.de`. Tafsiri ya jirani iliyopita bila swali Marekani haitapokelewa hapo, hata iwe nzuri namna gani.

Turudi kwa yule mama. Akituma tafsiri yenye upungufu, mara nyingi atapokea barua ya kuombwa ushahidi zaidi, na muda wa kujibu hauzidi majuma 12. Jibu linalofaa ni tafsiri mpya ya hati nzima yenye tamko kamili; karatasi ya kurekebisha mstari mmoja haitoshi. Hahitaji kuiachia USCIS cheti chake cha asili, kwa kuwa nakala inayosomeka inatosha mpaka ofisa atakapodai asili.

Na ikiwa cheti hakipo na hakiwezi kupatikana, kanuni zinamruhusu kwanza aonyeshe kwamba hakipatikani, kisha alete ushahidi wa pili kama kumbukumbu za kanisa au shule, na hayo yakikosekana, hati za kiapo za watu wasiopungua 2 ambao si wahusika wa ombi na wanaoyajua matukio kwa kuyashuhudia wenyewe. Mashahidi hao mara nyingi ni wakunga, majirani na wazee waliobaki Uvira au walioko kambini, na wanayoyajua huyaeleza vizuri zaidi kwa Kiswahili. Waacheni waandike kwa Kiswahili. Kila hati ya kiapo ya Kiswahili itahitaji tafsiri yake kamili na tamko lake la mfasiri, sawasawa na cheti, na maelezo aliyoyatoa shahidi kwa lugha anayoimudu, yakafasiriwa kwa uaminifu, ni rahisi kuaminika kuliko karatasi ya Kiingereza iliyotiwa saini na mtu asiyeweza kuisoma.